Kamba ya Kibwana na Kimo cha Rehema: Kupanga Mistari ya Vetiva Shambani Mlimani

REHEMA: Karibuni tena. Leo mwenzangu Kibwana amekuja na kesi yake mwenyewe, na nimemwambia aieleze bila aibu.

KIBWANA: Aibu ipo, dada. Shamba langu kule Lushoto lina urefu wa mita 60 hivi kutoka juu hadi kwenye korongo. Nikasikia mistari ya vetiva, yale majani ya kuzuia mmomonyoko, ikae kila baada ya mita 10. Nikachukua kamba ya mita 10, nikailaza chini, nikateremka nayo: kigingi, kamba, kigingi, kamba, hadi bondeni. Masika yakaja. Juu kote salama. Chini, mistari miwili ya mwisho imetobolewa, udongo umekwenda zake.

REHEMA: Sasa niambie mteremko wenyewe ulivyo.

KIBWANA: Juu ni wa wastani. Nusu ya chini unapanda umeshika magoti.

REHEMA: Nilipofika nilipima. Nusu ya juu, kila ukienda mita 10 mbele unashuka mita 2. Hiyo ni asilimia 20. Nusu ya chini, kila mita 10 unashuka mita 4, asilimia 40. Kamba yako ya mita 10 kule juu ilikupa kushuka mita 2 kati ya mstari na mstari. Kamba ileile, ikilazwa kwenye ule mteremko wa chini, imekupa karibu mita 3.7. Maji yakapata mbio za kutosha kung'oa vipando ambavyo havijashika.

KIBWANA: Kwa hiyo kosa ni kupima chini badala ya kupima…

REHEMA: Badala ya kupima kimo. Kwa vetiva wengi huanzia kimo cha mita 2, yaani mstari wa chini uwe mita 2 kwa wima chini ya ule wa juu. Umbali wa kutembea utakuja wenyewe. Kwenye asilimia 20 utapata mita 10, kwenye asilimia 40 mita 5, kwenye asilimia 5 utapata mita 40. Unagawa kimo kwa mteremko, basi.

KIBWANA: Nikiwa sina kikokotoo shambani?

REHEMA: Huhitaji. Chukua fimbo iliyonyooka ya mita 2, kamba nyembamba, na pima maji ndogo ile ya mafundi ya kutundika kwenye kamba. Mtu mmoja anashika ncha ya kamba chini kabisa, kwenye shina la kigingi cha juu. Mwenzake anashuka na fimbo, ameshika kamba kwenye kichwa cha fimbo na kuivuta ikaze. Anasogea mpaka povu la pima maji, iliyotundikwa katikati ya kamba, litulie katikati ya kioo chake. Pale fimbo iliposimama ndipo mstari unaofuata unapoanzia. Mlima mkali utamsimamisha karibu, mlima mpole utampeleka mbali.

KIBWANA: Kumbe! Halafu mstari wenyewe kwenda upande?

REHEMA: Hapo ndipo fremu ya A. Miti miwili, mti wa kukatiza, jiwe limening'inizwa kwa uzi. Ila usiamini alama ya kwanza. Isimamishe, weka alama pale uzi ulipopita kwenye mti wa kukatiza, kisha geuza miguu, wa kulia uje nafasi ya wa kushoto, weka alama ya pili. Usawa uko katikati ya alama hizo mbili. Nimeona mistari imepindika shamba zima kwa sababu mguu mmoja ulikuwa mfupi kwa kidole.

KIBWANA: Vigingi vikitoka vimechezacheza kama nyoka?

REHEMA: Visogeze kidogo upate mkunjo laini, lakini angalia usishushe kimoja chini ya wenzake. Kigingi kilichozama ni bomba: maji yote ya mstari yatakimbilia hapo. Mvua ya kwanza shika mwavuli ukaangalie. Mahali pazuri maji yanasambaa na kupenya polepole kwenye majani. Yakijikusanya sehemu moja, hapo umekosea usawa.

KIBWANA: Sasa mimi nikuulize. Mita 2 kila mahali? Kule kwangu chini ukichimba shimo, sentimita 80 tu unagonga mwamba.

REHEMA: Umefika kwenye swali ambalo watu wanaliruka. Vetiva ikishika, kila mvua inasukuma udongo kidogo kutoka sehemu ya juu ya kipande kilicho kati ya mistari miwili hadi kwenye mstari wa chini. Miaka ikienda, kipande kinalala na kuwa ngazi, na ukingo wa ngazi unakaribia kimo ulichochagua. Kikilala kabisa, sehemu iliyo chini kidogo ya mstari wa juu itakuwa imepoteza karibu nusu ya kimo hicho. Kwa kimo cha mita 2, hiyo ni mita moja.

KIBWANA: Na mimi nina sentimita 80.

REHEMA: Ungepanda mahindi kwenye jiwe. Hii ndiyo maana watu wa Uluguru walizikataa ngazi za serikali ya kikoloni mwaka 1955. Siasa ilikuwepo, lakini pia jembe lilikuwa linafukua udongo mfu wa chini na kuuweka juu. Vetiva inafanya hivyo taratibu, ila inafanya. Utaiona dalili: chini tu ya mstari mahindi yanakuwa ya njano na mafupi, na juu ya mstari unaofuata yamejaa kijani. Ukiona hivyo, samadi yote peleka kwenye ile sehemu ya njano.

KIBWANA: Basi tuchague kimo gani?

REHEMA: Nusu ya chini nilichagua mita 1.5. Kwenye asilimia 40 unapata mita 3.75 kati ya mistari. Kipande kikilala kabisa, pale juu utabakiwa na sentimita 5 tu, kwa hiyo si dawa. Lakini kulala huko huchukua miaka mingi, na samadi inasaidia.

KIBWANA: Si ungeshuka mpaka mita 1?

REHEMA: Ungebakiwa na mita 2.5. Jembe halina nafasi, na wewe mwenyewe ungeng'oa mistari mwaka wa pili. Kwa mita 3.75, mahindi ya nafasi ya sentimita 75 yanakupa mistari minne ukiondoa nafasi ya vetiva. Na ardhi ikiwa kali zaidi ya hapo, udongo ukiwa mwembamba hivyo, mimi ningeweka majani ya ng'ombe, si mahindi.

KIBWANA: Hesabu ya vipando sasa, maana hiyo ndiyo fedha.

REHEMA: Upana wa shamba lako ni mita 40. Juu mistari 3, chini 8, jumla 11, yaani mita 440. Kipando kila sentimita 15, karibu 2,900. Kila kipando kiwe na machipukizi mawili au matatu, majani ukate yabaki kama sentimita 20.

KIBWANA: Sina hata 1,000.

REHEMA: Basi anza juu, jaza mstari mmoja mmoja ukamilike. Usigawe 1,000 kwenye mistari 11. Mwanya wa hatua moja unatosha maji kutengeneza mlango. Masika ijayo unagawa mashina ya mistari ya mwanzo na kushuka. Pale penye mwanya ziba mapema.

KIBWANA: Na mbuzi wa jirani?

REHEMA: Vetiva changa wanaila, ikikomaa wanaidharau. Ndiyo maana Lushoto wengi wanapenda majani ya guatemala au mabingobingo mstarini, ng'ombe wa ndani anapata chakula. Kimo unapima vilevile. Ila guatemala inakula nafasi zaidi na unaikata mara kwa mara, na ukiikata sana wakati wa mvua kubwa ukingo unabaki wazi. Kwa ile miwili iliyotobolewa, Kibwana, panda vetiva. Juu, unakotaka chakula cha ng'ombe, weka guatemala.

KIBWANA: Jumamosi nakuja kuazima pima maji.

REHEMA: Na uje na fimbo yako. Ya mita 2, na nyingine ya mita 1.5.