Makadirio ya pesa ya saluni miezi 12, twende pamoja kwenye eksel

Haya wapendwa, fungua eksel, juu andika Januari mpaka Disemba kuanzia B mpaka M, hiyo najua mnaweza. Mfano wetu ni saluni ya Sinza, wasusi wanalipwa kwa kamisheni.

Mstari wa 2 salio la kuanzia, wa 3 mapato, wa 4 mpaka 10 matumizi: kamisheni, dawa na rasta, luku, maji, kodi ya fremu, TRA, mengineyo. Ngoja nivute skrini karibu, naona herufi hazisomeki... sasa sawa.

Mapato usiweke namba moja miezi yote. Januari watu wanalipa ada. Ramadhani na Kwaresma harusi hakuna, na 2026 zote zilianza Februari. Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka kwahiyo usikopi mwezi wa mwaka jana, angalia kalenda kwanza, halafu ile wiki ya kuelekea Idi iongezee kidogo maana hapo viti vinajaa. Mimi naweka Januari 2,400,000, Februari 2,300,000, Machi 2,600,000.

Sasa hapa tulia. Kodi ya fremu ni 400,000 kwa mwezi ila mwenye nyumba anataka miezi 6 kwa mkupuo, Machi. Andika 2,400,000 kwenye Machi. USIIGAWANYE. Narudia, usiigawanye, pesa inaandikwa mwezi inaotoka mkononi.

Fomula hizi, mstari wa 11 jumla ya matumizi, wa 12 salio la mwisho wa mwezi:

```
B11: =SUM(B4:B10)
B12: =B2+B3-B11
C2:  =B12
```

Vuta zote mpaka M. Salio la kuanzia unaliandika kwa mkono B2 tu, ukiandika namba nyingine yoyote kwenye mstari wa 2 mnyororo umekatika na miezi yote ya mbele inakudanganya.

B2 weka 1,400,000. Matumizi ya Januari 2,200,000, salio 1,600,000. Februari 2,150,000, linabaki 1,750,000. Machi matumizi ya kawaida 2,200,000, fremu 2,400,000, na awamu ya kwanza ya TRA 150,000 (awamu ziko Machi, Juni, Septemba na Disemba). Oneni M... hapana, D12, hiyo hapo: -400,000!

Ungegawa fremu, 400,000 kila mwezi kuanzia Januari, D12 ingesoma 800,000 na ungeenda kununua draya mpya kwa amani kabisa.

Sasa kwa kuwa pengo hili la Machi umeliona tangu Januari, unamfuata mwenye nyumba mapema umuombe apokee miezi 3. Badilisha fremu ya Machi iwe 1,200,000, D12 inageuka 800,000 ya kweli, ila kumbuka kuandika 1,200,000 nyingine Juni.

Mzigo wa wigi na rasta za Disemba unaingia Novemba, maana ndipo unapoulipia. Anayetaka jedwali langu likiwa tupu anitumie meseji, 5,000 tu.