Kupanga Kikao cha Uchunguzi wa Saratani: Anza na Siku ya Majibu

Karibuni, wanafunzi wa uuguzi wa jamii. Leo tunapanga kikao kimoja tu. Tuchukulie chama cha wanawake 24 katika mtaa wa Nyalenda hapa Kisumu, wanaokutana Jumamosi alasiri. Tuna saa moja ya mafunzo, na baadaye watakaotaka watajichukulia wenyewe sampuli ukeni, kwa brashi ndogo, ya kupima virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana na vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi.

Wengi wenu mtaanza kwa kuandika mtakachosema. Mimi naomba muanze na siku ya majibu. Kikao huharibika hapo: mama anaambiwa ana virusi, anasikia "saratani", au anasikia "mume wangu ametoka nje", na harudi tena kliniki. Maneno ya kumzuia asifike huko lazima ayasikie kabla hajashika brashi.

Wanawake wa huku wanalijua kayongo, gugu la zambarau linalonyonya mahindi. Mbegu yake hulala udongoni miaka mingi, na ukiiona shambani huwezi kujua iliingia mwaka gani wala ililetwa na nani. Virusi hivi navyo vinaweza kukaa kimya miaka mingi, kwa hiyo jibu la leo si ushahidi wa kumshtaki mtu. Lakini semeni pia mfano huu unapoishia: mara nyingi mwili wenyewe huvimaliza virusi ndani ya mwaka mmoja au miwili. Vikidumu ndipo seli hubadilika polepole, na mpaka saratani itokee kwa kawaida hupita miaka zaidi ya kumi. Tunatafuta mabadiliko hayo kabla hayajawa saratani. Toeni dakika 20 kwa jambo hili.

Dakika 15 zinazofuata ni za brashi. Onyesheni kwa mkono, msisome karatasi. Mama ananawa mikono, anashika mpini bila kugusa ncha, anachuchumaa au anainua mguu mmoja juu ya kiti, anaingiza taratibu mpaka brashi igote, kisha anaizungusha mara nyingi kama pakiti inavyoelekeza. Wengi huogopa na kuishia mlangoni mwa uke. Waambieni haiwezi kupotelea tumboni. Kama chupa ya kutilia brashi ina maji ya kuhifadhia, yasiguswe wala kuachwa karibu na watoto, kwani mengine yana sumu. Jina, umri na tarehe viandikwe kwenye chupa kabla haijatoka mkononi mwenu. Chupa mbili zisizoandikwa zikikaa meza moja, zote mbili zimeharibika.

Si kila mtu apewe brashi. Uchunguzi huu huanza miaka 30, na kwa anayeishi na virusi vya ukimwi, miaka 25. Mjamzito asubiri. Anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa, au aliyekoma hedhi kisha damu ikarudi, huyo asipewe kabisa. Jibu zuri la HPV litamtuliza bure, naye anahitaji kutazamwa na muuguzi au daktari upesi. Haya hayaulizwi mbele ya chama. Wakijitokeza 15, na kila mmoja akihitaji dakika 4 za faragha, hiyo ni saa nzima kwa muuguzi mmoja. Nendeni wawili, mtamaliza kwa nusu saa. Hapo hapo muulize simu ya kupokelea ujumbe wa majibu ni ya nani. Kama ni ya mume, ujumbe useme tu "njoo kliniki", usitaje jibu.

Atakayepatikana na virusi ataenda kupimwa kwa siki: mlango wa kizazi unapakwa asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, muuguzi anasubiri dakika moja, kisha anatafuta doa jeupe. Doa likifaa kutibiwa kwa joto, hutibiwa siku ile ile. Likikosekana, anarudia kipimo cha HPV baada ya miaka 2, au mwaka 1 akiwa na virusi vya ukimwi. Baada ya miaka 50 siki hudanganya, maana sehemu inayotakiwa kuonekana huwa imejificha ndani. Huyo apelekwe kwingine.

Matiti yapewe dakika 15. Semeni wazi kwamba brashi haipimi titi, maana wapo watakaodhani wameshapimwa yote. Soksi iliyojazwa wimbi, na punje ya mahindi ndani, inatosha kufundishia vidole. Kosa kubwa ni kungoja maumivu: uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni. Ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani ghafla au inayotoa damu, uvimbe kwapani, yote yanapelekwa kliniki hata bila maumivu.

Dakika 10 za mwisho msiulize "mmeelewa?" Watajibu ndiyo. Muombeni mama mmoja amweleze jirani yake maana ya kukutwa na virusi. Akisema "nina saratani", rudini kwenye kayongo kabla ya kugawa brashi hata moja.