Jumamosi Saa 2 Asubuhi: Video ya Kuwaita Vijana wa Mikoko

ZAINAB: Hamjambo wasikilizaji wetu, na karibuni tena. Leo tulipanga kuzungumzia mambo matano kuhusu video za kuwaita vijana wajitolee, na Bwana Salim ameyaandika kwenye karatasi kwa wino wa rangi tatu, kama mnavyomjua. Hata hivyo, naomba nianze na yaliyotokea Jumamosi, kwa sababu kile kikundi cha vijana wa mikoko cha hapa Mombasa, ambacho tumekuwa tukikifuatilia, kimeanza kuwapokea watu walioitikia video yake.

SALIM: Nami nilikuonya mapema, dada Zainab, kwamba Jumamosi hiyo ilikuwa ya maji mafu.

ZAINAB: Ulinionya, lakini hukuwaonya wao. Video yao ni nzuri kwa macho: ina sekunde 90, sauti ni safi kwa kuwa msemaji alivaa maikrofoni ndogo kifuani badala ya kupiga kelele akishindana na upepo, na namba ya simu inakaa kwenye skrini muda wa kutosha mtu kuinakili. Tatizo ni sentensi moja tu, ile isemayo kwamba kazi hufanyika kila Jumamosi kuanzia saa 2 asubuhi. Nilipofika saa 2 niliwakuta vijana wapya wamesimama ukingoni, wengine wamevaa viatu vya mpira walivyoazima, huku maji yakizidi kuingia. Ilipofika saa 4 sehemu iliyokusudiwa kupandwa ilikuwa na maji ya magoti, na wageni wakaanza kuaga mmoja mmoja kwa adabu.

SALIM: Marehemu babu yangu angewaambia hayo bila kutazama saa. Angeuliza tarehe ya mwezi mwandamo, akunje vidole, kisha aseme.

ZAINAB: Wasikilizaji, vidole vya babu vimefika, na kipindi hata hakijatimiza dakika tano.

SALIM: Viache vifike, kwa sababu ndivyo vitakavyotueleza kosa la video liko wapi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Siku saba hivi baadaye, kwenye tarehe 8 na 22 za mwezi mwandamo, huja maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana. Hapa Mombasa kupwa kwa bamvua huangukia karibu saa 4 au saa 5, asubuhi na usiku. Kwa hiyo mtu aliyetunga ile sentensi ya saa 2 alifika siku ya bamvua, akaona maji yanaondoka asubuhi, akadhani bahari hufanya hivyo kila wiki.

ZAINAB: Basi tuwahesabie wasikilizaji mfano mmoja, maana nilimwona kiongozi wa kikundi akijaribu kuwaeleza vijana na akashindwa.

SALIM: Tuchukue Jumamosi ya bamvua ambayo maji yanapwa kabisa saa 4 asubuhi. Kwa wastani, saa ya kupwa husogea mbele dakika 50 kila siku. Jumamosi inayofuata ni siku saba, yaani dakika 350, ambazo ni saa 5 na dakika 50. Kupwa kumehama hadi saa 9 na dakika 50 alasiri, na saa 4 asubuhi, wakati vijana wako wamesimama pale, ndipo maji yanapofika kilele chake. Ukiongeza wiki nyingine, kupwa huko kunaangukia usiku, lakini maji hupwa mara mbili kwa siku, kwa tofauti ya saa 12 na dakika 25 hivi, na kule kwingine kunakuja saa 3 na robo asubuhi. Umerudi asubuhi tena, na umerudi kwenye bamvua.

ZAINAB: Na hizo dakika 50 hazibadiliki?

SALIM: Ni wastani tu. Siku za bamvua husogea chini ya hapo, na siku za maji mafu husogea zaidi. Ndiyo maana babu...

ZAINAB: Ndiyo maana kuna majedwali yanayotolewa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya, Bwana Salim. Kikundi kinaweza kuyatazama na kutangaza saa ya mwezi mzima bila kumkunjisha mtu vidole.

SALIM: Jedwali na vidole vya babu havikuwahi kugombana.

ZAINAB: Hata hivyo, kuna jambo ambalo hata mimi sikulijua hadi nilipozungumza na msichana anayesimamia kitalu. Jumamosi ile ya maji mafu haikuwa ya bure. Kitalu chao kiko sehemu ya juu, ambako maji hufika vizuri wakati wa bamvua tu. Siku za maji mafu hakifikiwi, matope ndani ya viriba hukauka na kupasuka, na miche hunyauka isipomwagiliwa kwa maji yanayotekwa kwa ndoo kutoka kwenye mkono wa bahari. Kwa hiyo wiki ile ile inayozuia kupanda ndiyo inayohitaji mikono kitaluni, na video haikitaji kitalu hata kwa neno moja.

SALIM: Hapo ndipo ningeanzia kuitengeneza upya. Ningesema kwamba kuna Jumamosi za kupanda na Jumamosi za kitalu, zinazopishana, na kwamba saa ya kufika hutangazwa kwenye kundi la simu siku tano kabla. Mtu akisikia hivyo ataelewa kwamba ratiba inabadilika kwa sababu, wala si kwa uzembe wa viongozi.

ZAINAB: Nakubali. Nami ningeionyesha kazi yenyewe kwa karibu zaidi. Kwenye video unawaona vijana wakicheka na kurushiana matope, lakini huoni mbegu ikipandwa. Mbegu ya mkoko ni ndefu kama fimbo fupi, na iliyokomaa utaijua kwa ukosi wa manjano pale inapoungana na tunda, na huchomoka kwa kuvutwa kidogo tu. Mgeni mmoja aliishika akaichomeka kichwa chini, kwa sababu ncha zake zote mbili zilionekana kwake sawa. Ile ncha iliyochongoka ndiyo ya kuingia matopeni, takriban theluthi ya urefu wake, na ile iliyotoka kwenye tunda hubaki juu kwa sababu ndiyo yenye jicho la kuchipua. Sekunde kumi za mkono mmoja ukifanya hivyo zingemfaa mtazamaji kuliko vicheko vyote vile.

SALIM: Na zingemwonyesha kwamba kazi yenyewe si nzito. Watu wawili, mmoja anatoboa kwa kijiti na mwenzake anachomeka, kwa nafasi ya mita 1 kila upande. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 huchukua miche 400 hivi.

ZAINAB: Si nzito, ila ni ndefu, na hapa ndipo tutakapogombana. Video inasema wanaojitolea watatoa saa mbili. Hizo saa mbili ni za kuchomeka mbegu peke yake. Ongeza kukusanyika na kuandikishwa, kubeba miche kutoka kitaluni, kutembea kwenye matope yanayomeza mguu hadi kwenye muundi, kurudi kabla maji hayajageuka, na kunawa. Inakuwa asubuhi nzima, karibu saa tano. Ninataka video iseme saa tano.

SALIM: Ukisema saa tano, kijana wa bodaboda ambaye asubuhi ya Jumamosi ndiyo soko lake ataizima video hapo hapo. Mwambie aje mara moja, asubuhi moja. Akishafika, akashika mbegu, akapata marafiki, hizo saa ataambiwa na wenzake na atazikubali. Ombi la kwanza linapaswa kuwa dogo.

ZAINAB: Kijana wa bodaboda ndiye hasa ninayemtetea. Yeye anahesabu saa zake kwa fedha. Ukimwambia saa mbili akapoteza tano, umemchukulia pato la saa tatu bila kumwomba ruhusa. Hatarudi, na atawaambia wenzake kituoni kwamba kikundi kile hakina ukweli.

SALIM: Sikusema adanganywe. Nimesema asipewe yote kwa sekunde 90. Kuna mambo ya kwenye video na mambo ya mkutano wa kwanza.

ZAINAB: Muda ni wa kwenye video. Fikiria kitalu: msimamizi hutoa miche kulingana na idadi ya watu waliojiandikisha. Wakiondoka nusu yao saa 4 kwa sababu waliahidiwa saa mbili, miche iliyokwisha kubebwa inabaki juani, mizizi imetikiswa, na bahari inarudi. Huwezi kuiambia bahari isubiri mkutano wa kwanza.

SALIM: Basi msimamizi atoe miche michache, aongeze watu wakibaki. Ni jambo la kupanga kazi. Kikundi kikiweka masharti mengi mlangoni kitabaki na wale wale kumi kilichoanza nao.

ZAINAB: Kumi wanaokaa hadi mwisho wanapanda zaidi ya thelathini wanaotazama saa.

SALIM: Kumi hao nao waliletwa na asubuhi moja, dada yangu. Hakuna aliyezaliwa anapenda matope.

ZAINAB: Sikubaliani nawe.

SALIM: Nami sikubaliani nawe, na naona fundi wetu wa sauti ananionyesha vidole vitano. Si vya babu. Ni dakika zilizobaki.

ZAINAB: Na karatasi yako ya wino wa rangi tatu?

SALIM: Tumegusa jambo moja, pengine moja na nusu. Hayo mengine niyakunje, isipokuwa namna ya kujiunga, kwa kuwa imeulizwa sana na kwenye video ilisemwa kwa haraka mno.

ZAINAB: Haya, mimi nitataja ya umri. Kikundi kinapokea wenye umri chini ya miaka 18, lakini kwa barua ya mzazi au mlezi, na video haikusema hivyo. Wawili walirudishwa nyumbani Jumamosi kwa sababu hiyo tu, nao walikuwa wamekwisha kulipa nauli.

SALIM: Langu ni hili: asijitokeze mtu na marafiki zake wakapande popote wanapoona matope matupu. Misitu ya mikoko ya Kenya ni hifadhi ya serikali tangu 1932, na kazi hiyo hufanywa kwa kuwasiliana na Huduma ya Misitu ya Kenya. Isitoshe, mahali palipo patupu mara nyingi pana sababu yake: pako chini mno, maji yanapafunika muda mrefu, na miche huzama ikafa ndani ya miezi michache. Ndiyo maana kikundi kina kazi nyingine ambayo video imeisahau, ile ya kurudi baada ya miezi mitatu kuhesabu miche iliyo hai katika kila kiwanja. Hiyo nayo hufanywa siku za bamvua, na ukihesabu kwa vidole vya mwezi mwandamo...

ZAINAB: Muda umekwisha, wasikilizaji. Bwana Salim bado anakunja vidole, nami bado nasema saa tano.

SALIM: Asubuhi moja.

ZAINAB: Kwaherini hadi wiki ijayo.