Robo tatu ya nini? Kugawa chapati kwenye katuni ya somo

Ndugu walimu, na nyinyi mnaochora katuni za masomo, leo nina hesabu moja tu: chapati tatu, watoto wanne, kila mmoja apate sawa.

Tulipoichora mara ya kwanza, chapati zote zilikatika kwa pamoja, vipande 12 vikaruka hadi kwenye sahani nne, na msimulizi akasema, "Kila mtoto amepata robo tatu." Mtoto mmoja akanyoosha mkono: "Mbona ni tatu ya kumi na mbili?" Hakukosea hata kidogo. Ameona vipande 12, kila sahani ina vitatu. Yeye alihesabu sehemu ya chapati zote, sisi tulitaja sehemu ya chapati moja. Chapati nzima ilikwisha kutoweka kwenye skrini, kwa hiyo hakuna kilichomwonyesha kwamba robo ile ni robo ya nini.

Tukachora upya. Sasa chapati ikikatwa, mstari hafifu wa duara lake unabaki palepale. Kila sahani nayo ina duara tupu lenye ukubwa wa chapati nzima. Vipande vitatu vinaingia humo, vinaungana, na pengo la robo moja linabaki wazi. Mtoto analiona pengo lile kabla hajaambiwa asili ni 4.

Jambo la pili ni sauti. Rekodi sauti kwanza, ndipo uchore mwendo kwa kuifuata. Kiswahili kinatusaidia sana hapa: tunasema "robo tatu" kama tunavyosema "chapati tatu", kitu kwanza, idadi baadaye. Basi msimulizi akitamka "robo", kipande kimoja kijitenge. Avute pumzi. Kisha "moja", "mbili", "tatu", na kila neno kipande chake kiingie kwenye duara. Kwa fremu 25 kwa sekunde, kipande kikichelewa fremu 25 kitatua wakati neno lingine linasemwa, na mtoto atasikia "tatu" huku akitazama cha pili. Mtaligundua mkimtazama yeye badala ya skrini: macho yatarudi nyuma kutafuta.

Namba 3/4 isitokee mapema. Ije vipande vikishatulia, na 4 iandikwe kwanza, kisha 3.

Baada ya hapo tunagawa kwa njia nyingine, ambayo ndiyo watoto wengi huichagua wakipewa kisu: chapati mbili zinakatwa nusu nusu, ya tatu inakatwa robo nne. Kila sahani inapata nusu na robo. Hapa wapo watakaojumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, wapate 2/6. Msibishane nao kwa maneno. Acheni nusu ipasuke taratibu kuwa robo mbili bila kutoka mahali pake, msimulizi aseme "robo mbili", ile ya tatu isogee ubavuni, na pengo lilelile libaki wazi.