Salio lipo, apu ya benki inakataa: kuongeza limiti ya siku

Haya ndugu zangu, karibuni dukani kwangu hapa Mwanjelwa, Mbeya. Mimi ni wakala, na swali hili naulizwa sana msimu wa viazi. Narekodi kwa simu ya pili, kwa sababu apu nyingi za benki ukirekodi skrini zinaonyesha giza tu.

Mfano huu. Akaunti ina milioni 7. Asubuhi nimelipa lori 1,200,000. Sasa namtumia mkulima wa Uporoto 4,500,000, inakataa. Si salio. Limiti yangu ya siku ya kutuma benki nyingine ni milioni 5, na apu inajumlisha vyote vilivyotoka kwenda huko, pamoja na ile ya lori, tangu saa sita usiku. Milioni 5 toa 1,200,000, imebaki 3,800,000. Nikituma hiyo itapita, ile 700,000 ingoje kesho. Benki inaweka ukuta huo ili mtu akiiba simu na namba ya siri, asikombe akaunti yote siku moja.

Mkulima hawezi kungoja? Basi tunaongeza. Ingia kwenye apu... subiri, kidole hakisomi. Baridi hii ya Julai! Naweka namba ya siri, nageuza kamera kidogo. Tayari. Mipangilio, halafu limiti za miamala.

Hapa tulia. Ona, mistari ni mitatu: benki hii hii, benki nyingine, mitandao ya simu. Kila mmoja una limiti yake. Mkulima wangu yuko benki nyingine, kwa hiyo nagusa wa pili. Mwaka jana niliongeza wa kwanza, nikajaribu kutuma mara nne, lori linanguruma nje. Soma mstari kabla hujagusa. Tena kuna limiti ya muamala mmoja na limiti ya siku: ukipandisha ya siku peke yake, ile ya muamala inaweza bado kukuzuia. Nasema tena, soma mstari.

Naandika 6,000,000. Siweki milioni 20 eti kwa sababu apu inaruhusu. Mahitaji yangu ni 5,700,000. Inakuja meseji yenye namba ya uthibitisho, naifunika na kidole gumba, nanyi msiionyeshe mtu. Akipiga mtu anasema yeye ni wa benki, anakuongezea limiti, umtajie namba hiyo, kata simu. Ukiitaja, umemfungulia mlango na umeshampanulia. Meseji za kitapeli zipeleke 15040.

Apu ikigoma kupandisha, umefika mwisho wa limiti za simu. Nenda tawini na kitambulisho cha NIDA, jaza fomu, au waombe wakutumie fedha hizo kutoka pale kaunta.

Natuma... jina la mkulima limetokea, ndiye. Imepita. Sasa narudi kulekule, mstari wa pili, nashusha hadi milioni 5. Lori linapiga honi, nawaacha.