Maji ya mvua safi na pH yake: tupige hesabu tukiwa Goma

Karibuni, ndugu zangu. Beseni hili nimelitega uwanjani, mbali na bati na miti, maana maji yaliyopita juu ya bati yanabeba vumbi na kutu, nayo yanavuruga kipimo. Wengi wanadhani mvua safi ina pH 7. Sivyo. Tone likiwa bado angani, linanyonya gesi ya kabonidayoksaidi. Sehemu ndogo ya gesi hiyo inaungana na maji na kuwa asidi ya kaboniki, asidi dhaifu inayoachia ayoni za haidrojeni.

Chukueni kalamu. Katika kila molekuli milioni moja za hewa, karibu 420 ni za kabonidayoksaidi. Goma iko juu, karibu mita 1,500, na presha ya hewa hapa ni kama 0.84 ya ile ya pwani. Basi presha ya gesi yetu ni:

0.00042 × 0.84 = 3.5 × 10⁻⁴ atm

Sasa tuone ni kiasi gani kinayeyuka. Kwa nyuzi 25, kila lita ya maji inashika moli 0.034 kwa kila atmosfia moja ya gesi hiyo:

3.5 × 10⁻⁴ × 0.034 = 1.2 × 10⁻⁵ mol/L

Hapa wanafunzi wengi wanakosea: wanachukua namba hii moja kwa moja kuwa ndiyo ayoni. La. Asidi ni dhaifu, na ni sehemu tu inayoachana. Kila ayoni ya haidrojeni inatoka pamoja na ayoni moja ya baikaboneti, kwa hiyo ziko sawa. Tunazidisha kiwango cha kuachana cha asidi hii, 4.5 × 10⁻⁷, kwa gesi iliyoyeyuka, kisha tunatafuta kipeuo cha pili:

[H⁺]² = 4.5 × 10⁻⁷ × 1.2 × 10⁻⁵ = 5.4 × 10⁻¹²

[H⁺] = 2.3 × 10⁻⁶

pH = −log [H⁺] = 5.6

Kule pwani, penye presha kamili, hesabu inatoa 5.60; hapa ni 5.63. Mwinuko wetu haubadilishi mengi, kwa sababu ya kile kipeuo cha pili.

Sasa tuseme kipimo chako kinasoma 4.5. Je, kabonidayoksaidi inaweza kufika huko? Rudisha hesabu nyuma: utahitaji gesi yenye presha ya 0.065 atm, zaidi ya mara 180 ya iliyopo. Hewa ya namna hiyo unaweza kuikuta kwenye mashimo ya mazuku, ambako gesi inatoka ardhini na kuua mbuzi na watu, lakini mawinguni haipo. Basi kuna asidi nyingine. Kwetu wa kwanza kuangaliwa ni mlima wa volkano wa Nyiragongo: moshi wake una dioksidi ya salfa, na hiyo ikigeuka asidi ya salfuriki ndani ya tone, haiachii kidogo kidogo kama ile ya kaboniki.

Ukipima, subiri namba itulie. Maji ya mvua yana chumvi chache sana, na elektrodi inachelewa. Soma baada ya dakika kadhaa, siyo mara tu unapoitumbukiza.