Simtanki na bomba: kwa nini kasi hushuka mbio zikirefuka

Walimu wangu wa michezo, walionizidi umri shikamooni. Wengine habari za mchana. Najua jua la Dodoma saa nane halina huruma, kwa hiyo nitabaki na ubao huu mmoja tu.

Nimeandika rekodi za wanaume, na kila moja nimegawa umbali kwa muda. Usain Bolt, Berlin 2009, mita 100 kwa sekunde 9.58: wastani wake ni mita 10.44 kwa sekunde. Mita 200, Bolt huyohuyo, sekunde 19.19: mita 10.42. David Rudisha, mita 800, London 2012: 7.93. Hicham El Guerrouj, mita 1500, Roma 1998: 7.28. Joshua Cheptegei, mita 5000, Monaco 2020: 6.62. Marehemu Kelvin Kiptum, marathoni ya Chicago 2023, saa 2 na sekunde 35: 5.83.

Tazameni kasi inavyoshuka. Kutoka 200 hadi 800, umbali umeongezeka mara nne, na kasi imepungua karibu mita mbili na nusu kwa sekunde. Kutoka 1500 hadi marathoni umbali umeongezeka mara 28, lakini kasi imepungua mita moja na nusu tu. Kwa hiyo tukisema "mtu anachoka" tumesema kweli, ila hatujaeleza kitu.

Mita 100 na 200 nitazipitia haraka. Bolt alitumia sekunde 2.89 kwa mita 20 za kwanza. Kati ya mita 60 na 80, mita 20 zilezile zilimchukua 1.61. Kuanza kutoka kusimama kunakula muda, na kwenye 200 hasara hiyo inagawanyika kwa umbali mkubwa zaidi. Ndiyo maana mwaka 1996, Michael Johnson alipokimbia 200 kwa 19.32, wastani wake uliupita ule wa rekodi ya mita 100 ya wakati huo.

Sasa tuje kwenye simtanki. Hapa mjini nani hana simtanki nyumbani? Bomba linatoa maji kidogo kidogo, tangi limehifadhi akiba. Mwili nao uko hivyo. Bomba ni nguvu inayotengenezwa kwa hewa unayovuta. Inatoka muda mrefu lakini ina kikomo. Tangi ni nguvu ambayo misuli inaitoa bila kusubiri hewa: ni nyingi kwa mara moja, na inakwisha.

Tupige hesabu. Kati ya 1500 na 5000 kuna mita 3500, na tofauti ya muda wa rekodi hizo mbili ni sekunde 549.36. Gawanya: mita 6.37 kwa sekunde. Hilo ndilo bomba. Kwa sekunde 206 za El Guerrouj, bomba lingemfikisha mita 1312. Zilizobaki, kama 188, zimetoka tangini. (Ndiyo, nimechanganya watu wawili. Hesabu safi inataka mtu mmoja.)

Mita hizo 188 ni sehemu ya nane ya mbio za 1500. Kwenye 5000 hazifiki hata asilimia nne. Tangi ni lilelile, ila linagawanywa kwa safari ndefu zaidi, na wastani unaisogelea kasi ya bomba.

Jaribuni mita 10,000. Ondoa 188, gawa kwa 6.37: inakuja kama dakika 25 na sekunde 40. Rekodi ya Cheptegei ni 26:11. Si mbaya. Lakini mita 400 inatoa sekunde 33, wakati rekodi ya Van Niekerk ni 43.03! Mwalimu pale nyuma anacheka, na ana haki. Tangi lina koki. Hata likijaa, huwezi kulimwaga lote kwa sekunde 40.

Marathoni inakosea upande uleule: hesabu inasema saa 1 na dakika 50, Kiptum akakaribia saa 2 na dakika 1. Hapa bomba lenyewe limelegea. Sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini inapungua, mwili unalazimika kuchoma mafuta zaidi, na mafuta yanahitaji hewa zaidi kwa nguvu ileile. Joto linapanda, misuli inaumia kwa kila hatua. Mbio hizo hukimbiwa chini ya kasi ya bomba tangu mwanzo, na anayeanza juu yake mtamjua baada ya kilomita 30: hatua zinafupika, mabega yanapanda.

Mkitaka bomba la mwanafunzi wenu, mpimeni mita 1500 na mita 3000, akijitahidi kweli zote mbili, kisha fanyeni kutoa na kugawa kama nilivyofanya. Ila ziwe siku tofauti. Mkizipima asubuhi moja, mita 3000 ikiwa ya pili, ataikimbia tangi likiwa halijajaa, muda wake utarefuka, na mtadhani bomba lake ni dogo kumbe mmempima vibaya.